Tungoje mpaka lini?

Mtoto ameketi sakafuni, na mbele yake nimepanga vitu vitatu: kijiko, soksi na kikombe cha plastiki. Mikono yangu nimeikunja mapajani. Macho yangu yako usoni pake, hayaendi kwingine. Namwambia, "Nipe soksi." Ananitazama. Anaitazama mikono yangu, haimwambii kitu. Anageuka kwa mama yake, na mama, bila kujua, anaitupia soksi jicho. Mtoto anaiokota na kunipa.

Mama anafurahi. "Si nilikwambia, daktari? Huyu anaelewa kila kitu. Ni mdomo tu umechelewa."

Mimi si daktari. Kazi yangu ni usemi na lugha ya watoto, na nilishaacha kuwasahihisha wanaoniita hivyo. Lakini lile jicho la mama ndilo ninaloliandikia leo. Mtoto wa miaka miwili asiyeongea anaweza kungojewa kwa usalama, au kungojewa huko kukamgharimu, na mara nyingi tofauti imejificha kwenye jambo dogo kama hilo.

Kipimo kinachotumika sehemu nyingi ni hiki: mtoto akitimiza miezi 24 akiwa na maneno yasiyofika 50, au akiwa bado haunganishi maneno mawili, amechelewa kusema. Kilienezwa na mtafiti wa Marekani, Leslie Rescorla, aliyechapisha orodha yake ya maneno ya kuwauliza wazazi mwaka 1989. Watoto wanaoangukia hapo ni wengi, kati ya asilimia 10 na 20 katika tafiti nyingi, na zaidi ya nusu yao huwafikia wenzao kabla ya kuanza shule. Kwa hiyo shosho anayesema "ataongea tu" hasemi uongo. Mara nyingi ataongea.

Wale wasiowafikia wenzao ndio wenye jambo jingine. Mwaka 2017 jopo la wataalamu lililoongozwa na Dorothy Bishop wa Chuo Kikuu cha Oxford lilikubaliana kuliita kwa jina moja, nami kwa Kiswahili naliita tatizo la ukuaji wa lugha. Kwenye ripoti za kliniki utaliona limeandikwa DLD. Ni mtoto ambaye kujifunza lugha yenyewe kunamwia vigumu, ugumu huo haumwishii anapokua, unamkwamisha shuleni na kati ya wenzake, na hakuna kinachoueleza kama vile uziwi, usonji au jeraha la ubongo. Utafiti mkubwa uliofanywa Uingereza kwa watoto wa mwaka wa kwanza shuleni ulikuta takriban asilimia 7 wako hivyo, yaani wawili katika darasa la watoto 30. Madarasa yetu ya shule za umma huku Nairobi yana watoto wangapi, mzazi anajua mwenyewe.

Sasa hapa ndipo pagumu. Akiwa na miezi 24, mchelewa wa kawaida na mwenye tatizo la kudumu wanafanana. Hakuna mtu mwaminifu atakayekupa jina la pili kwa mtoto wa umri huo. Jopo lile lenyewe lilisema kabla ya miaka mitatu kutabiri ni kama kubahatisha, kati ya mitatu na minne kunaanza kuwezekana, na kwenye mitano ndipo jina linakaa. Na kuna kinyume chake pia: huko Melbourne, Australia, watafiti waliofuata watoto takriban 1,900 tangu uchanga waliona kwamba wapo waliokuwa wakiongea vizuri wakiwa na miaka miwili, lakini kufika minne wamekwama.

Kwa hiyo mzazi anaponiuliza, "Huyu ana tatizo au amechelewa tu?", swali lake ni zuri lakini limekuja mapema. Linaloweza kujibiwa siku hiyo ni jingine: je, ni salama kungoja? Hilo halihitaji jina la ugonjwa.

Nitaeleza watoto wawili. Nimebadilisha mambo madogo wasitambulike, ila hesabu zao ni zile zile.

Wa kwanza aliletwa kutoka mtaa wa Umoja akiwa na miezi 26. Mama alikuwa na wasiwasi hasa, kwa sababu binamu yake wa umri ule ule alikuwa akiongea kama redio. "Ana maneno manane," aliniambia. Wa pili aliletwa kutoka mtaa wa Pipeline akiwa na miezi 27, na kwa kweli hakuletwa yeye. Aliyeletwa ni dada yake mkubwa mwenye kigugumizi, mdogo akaja kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Mama hakuwa na shaka naye. Aliongea maneno zaidi ya arobaini, alihesabu "wan, tuu, thrii" mpaka kumi bila kukosea, na alijua maneno ya katuni moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Ukitumia kipimo cha maneno peke yake, wa Umoja ndiye mgonjwa. Mimi nilimngoja wa Umoja, na sikumngoja wa Pipeline.

Niliwapima wote wawili kwa vile vitu vitatu, mara sita kila mmoja, nikibadilisha vitu na mahali pake. Mama nilimwomba aketi nyuma ya mtoto ili macho yake yasisaidie. Wa Umoja alinipa kitu sahihi mara sita kati ya sita, na nilipomwambia aweke kijiko ndani ya kiatu, alicheka kwanza, akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili, kisha akakiweka. Kicheko kile kilinipa habari nyingi kuliko kijiko: amri ya ajabu huwezi kuichekea kama hukuielewa. Wa Pipeline alipata mbili kati ya sita. Vitu vikiwa vitatu, mtu anayeokota bila kusikiliza atapata mbili kati ya sita kwa bahati tu.

Mama yake hakuamini, na sikumlaumu. Nyumbani mtoto huyu alikuwa "anaelewa". Akiambiwa "twende tukaoge", alikimbia bafuni. Lakini taulo lilikuwa tayari begani mwa mama, beseni limejaa maji, na jua linazama kama kila siku. Akiambiwa "toa sahani", kidole cha mama kilikuwa kimeshanyooka. Mtoto mwerevu husoma mazingira kama sisi tunavyosoma mabango barabarani, na huyu alikuwa mwerevu sana. Akili yake ndiyo iliyolificha tatizo. Aliyekuwa ameshaliona ni dada wa kazi, ambaye siku ya pili aliniambia kwa sauti ya chini, "Huyu nikimtuma nikiwa jikoni, yeye yuko sebuleni, haji na kitu. Nikienda nikasimama mbele yake, analeta." Ukitaka habari za mtoto, muulize anayeshinda naye.

Uelewaji una uzito huo kwa sababu mtoto anayeelewa bila kusema ameshaijenga lugha kichwani. Kilichobaki ni kuitoa, na njia ya kuitolea inaweza kuchelewa kwa sababu nyingi zisizo na madhara. Asiyeelewa hajajenga, na kile tunachokiita kuchelewa kusema kwake ni moshi tu, moto uko kwingine. Tafiti nyingi zilizofuata wachelewa kusema zinakubaliana hapa: wenye shida ya kuelewa pia ndio walio kwenye hatari kubwa zaidi ya kutowafikia wenzao.

Jaribio hili mzazi anaweza kulifanya nyumbani, mradi awe mkali kwa mwili wake mwenyewe. Mikono isisogee, macho yabaki usoni mwa mtoto, na kitu kisiwe kile ambacho mtoto angekichukua hata bila kuambiwa. Ukiweka biskuti kati ya kijiko na soksi umeshaharibu. Mtoto akikataa kucheza, acha, jaribu kesho asubuhi akiwa ameshiba. Kukataa si kushindwa. Lakini akicheza kwa furaha siku tatu tofauti na bado anaokota ovyo, hapo sina neno la kukutuliza.

Kabla ya yote haya, masikio. Watoto wote wawili niliwatuma kwanza wakapimwe usikivu, na kila mtoto aliyechelewa hutumwa, hata kama nyanya anaapa kwamba akisikia geti likifunguliwa anakimbia. Geti lina kishindo. Sauti za "s", "f" na "sh" hazina. Mtoto mwenye majimaji nyuma ya kiwambo cha sikio, jambo la kawaida sana baada ya mafua yasiyoisha, husikia mazungumzo kama mtu aliyezama majini, na wiki ijayo anasikia vizuri, kwa hiyo kumpima kwa kupiga makofi mgongoni mwake hakutoshi. Hawa wawili walikuwa wanasikia sawasawa.

Sasa nirudi kwa mama wa Umoja na maneno yake manane. Nilimpa karatasi, nikamwomba aibandike kwenye friji, na kwa wiki moja kila mtu wa nyumbani aandike kila neno ambalo mtoto amelisema mwenyewe, bila kuambiwa "sema". Karatasi ilirudi na maneno 17. Mama hakuwa mwongo. Alikuwa amehesabu maneno ya Kiswahili na Kiingereza yaliyotamkwa sawasawa, basi. Hakuhesabu "pi", ambalo ndilo neno la Kijaluo la maji na mtoto alilipata kwa baba. Hakuhesabu "aii" ya maji, kwa kuwa halikukamilika, ingawa mtoto alilitumia kila siku kwa maji na si kwa kitu kingine. Hakuhesabu "boo" ya ng'ombe. Yote hayo ni maneno. Neno ni sauti ile ile kwa maana ile ile, hata ikiwa imevunjika. Na "pi" na "maji" yanahesabiwa mawili.

Hapa niseme moja kwa moja kuhusu lugha nyingi, kwa sababu ndilo shauri ninalokuta limeshatolewa kabla ya kufika kwangu: "Acheni kumchanganya, ongeeni Kiingereza tu." Lugha mbili au tatu hazileti tatizo la ukuaji wa lugha. Mtoto mwenye tatizo hilo atalionyesha katika lugha zote anazolelewa nazo, na asiye nalo hatalipata kwa sababu nyanya alimwimbia Kijaluo. Nimeona nyumba ambamo shauri hilo lilifuatwa, na mama ambaye Kiingereza chake ni cha ofisini tu akawa hana la kumwambia mtoto wake jioni isipokuwa "kam", "sit" na "no". Alimpunguzia mtoto maneno akidhani anamsaidia.

Kosa la upande wa pili lipo pia, nalo limenihusu mimi. Ni rahisi kumwambia mzazi wa Nairobi kwamba ni lugha nyingi tu zinamchelewesha, subiri. Huo nao si ukweli. Ukihesabu maneno ya lugha zote na bado hesabu ni ndogo, wingi wa lugha si udhuru tena.

Nikawauliza wazazi wote wawili kuhusu ukoo. Wa Umoja: hakuna aliyechelewa. Wa Pipeline: "Eeh, hata baba yake alichelewa kusema, na sasa anaongea bila kunyamaza." Watu husema hivyo kama kitulizo. Mimi hapo ndipo masikio yangu husimama. Tatizo la ukuaji wa lugha hutembea katika familia, kwa hiyo baba aliyechelewa ni sababu ya kuongeza uangalifu, mpaka ujue yaliyompata baadaye. Swali langu linalofuata ni moja: shule ilikwendaje? Baba mwenyewe ndiye aliyejibu, kwenye simu, baada ya kimya kidogo. Alirudia darasa mara mbili. Kusoma kwa sauti mbele ya wenzake kulikuwa mateso, na hata leo jumbe ndefu za wasapu humsomea mkewe. Anaongea bila kunyamaza, kweli. Lakini ukimsikiliza simulizi yake inarukaruka, na mke humalizia sentensi.

Vivyo hivyo kwa "wavulana huchelewa". Kwa wastani wavulana wako nyuma ya wasichana kidogo tu katika umri huu, tofauti ya mwezi mmoja au miwili hivi, si mwaka. Na kwa kuwa wavulana ndio wengi kati ya wachelewa, uvulana ni sababu ya kutazama kwa makini zaidi.

Kulikuwa na jambo la tatu lililowatenganisha watoto hawa, nalo ni mikono. Wa Umoja asiyekuwa na maneno alikuwa na mikono inayozungumza. Alionyesha ndege dirishani kwa kidole, akageuka kuhakikisha kwamba nami nimeiona. Alishika chupa tupu akaifanya simu, akanipa niongee. Mtoto anayeigiza hivyo ameshaelewa kwamba kitu kimoja kinaweza kusimama badala ya kingine, na neno ni hilo hilo. Wa Pipeline alionyesha kwa kidole alipotaka kitu, mara chache ili kukuonyesha. Maneno yake arobaini na manne, nilipoyaandika, karibu yote yalikuwa majina ya vitu, namba na rangi. Vitenzi vilikuwa viwili, "njoo" na "toka", na vyote ni amri alizozoea kuambiwa yeye.

Kuhesabu mpaka kumi na kuimba katuni nilikuweka kando kabisa. Mtoto anaweza kukariri maneno mia ya wimbo asiweze kuomba maji.

Kwa wa Umoja niliandika: tungoje. Lakini niliandika na tarehe, miezi mitatu mbele, na karatasi ya friji ijazwe kwa wiki moja kila mwezi. Mwezi wa kwanza maneno 17 yakawa 24. Wa pili, 31. Kufika miezi 29 yalikuwa 58, na juu ya karatasi mama alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu "TAKA PI", maneno mawili ya lugha mbili. Nilimwona tena akiwa na miaka mitatu, akanisimulia jinsi paka alivyoanguka kwenye ndoo. Hakuna nilichomfanyia. Kwa mtoto kama huyo kungoja ndiyo tiba iliyokuwa sahihi, na kumwandikisha aje kwangu kila wiki kungemla mzazi pesa na nauli bure.

Mshale wa hesabu ndio ninaoutazama zaidi ya hesabu yenyewe. Mtoto mwenye maneno 17 yanayopanda ananipa usingizi mzuri kuliko mwenye 44 yaliyosimama. Ya wa Pipeline yalitoka 44 hadi 49 kwa miezi mitatu, na matano mapya yote yalikuwa majina ya wanyama wa kwenye kitabu.

Ila yeye hatukumngoja ile miezi mitatu ikiwa mitupu. Nilimwambia mama: sijui kama mtoto wako ana tatizo la kudumu, hakuna ajuaye leo, na hatuhitaji kujua ndipo tuanze. Tulichagua vitenzi kumi vya nyumbani: fungua, funga, mwaga, osha, vaa, vua, panda, shuka, lala, amka. Kazi ya mama na dada wa kazi ilikuwa kuvisema wakati kitendo kinatendeka mbele ya macho ya mtoto, kwa sura mbalimbali: "Nafungua. Mama anafungua mlango. Umefunguka!" Kisha kunyamaza, kuhesabu moyoni mpaka tano, na kumwachia nafasi. Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kuacha kusema "sema". Sisi hupenda kumshikia mtoto kikombe juu na kumwambia, "Sema maji. Sema maji kwanza." Mtoto asiyeelewa neno hajifunzi maana yake kwa kunyimwa maji. Anajifunza tu kwamba maneno ni mtihani.

Makosa mengi ninayoyaona hayatokani na kungoja, yanatokana na kungoja bila tarehe. Nami nimelifanya. Miaka ya mwanzo ya kazi hii mama mmoja alinijia na msichana wa miaka miwili na miezi miwili. Mtoto alikuwa mchangamfu, mtulivu, alinikumbatia. Nikamwambia mama, "Tungoje kidogo, akiendelea hivi rudi." Sikuandika popote "hivi" ni vipi wala "kidogo" ni lini. Alirudi msichana akiwa na miaka minne na nusu, kwa sababu mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, alikuwa amesema ni mkaidi. Hakuwa mkaidi. Alikuwa haelewi anachoambiwa. Mama hakunilaumu, alisema tu, "Wewe ndiye uliniambia tungoje." Tangu siku hiyo neno hilo silitoi bila namba mbili kando yake: tarehe ya kurudi, na hesabu ambayo mtoto akiwa hajaifikia siku hiyo, kungoja kumekwisha.

Mfumo wetu nao unasaidia kosa hilo. Ratiba ya chanjo humleta mtoto kliniki mara kwa mara mpaka dozi ya pili ya surua na rubela, akiwa na miezi 18. Baada ya hapo kuna matone ya vitamini A kila miezi sita, lakini wazazi wengi huwa wameshakiweka kile kijitabu cha mama na mtoto kabatini. Anayefuata kumtazama mtoto kwa jicho la kazi ni mwalimu wa PP1, mtoto akiwa na miaka minne. Katikati kuna miaka miwili na nusu bila mtu, na ndani ya muda huo ndimo uamuzi huu wote unapaswa kufanyika. Mzazi anayeambiwa "subiri" akiwa kwenye foleni ya chanjo anaambiwa asubiri mahali ambapo hakuna atakayemwita.

Kwa hiyo mpaka lini? Jibu langu ni hili, na wenzangu wengine huwa wakali kunizidi. Mtoto anayesikia, anayeelewa bila kusaidiwa na macho ya mtu, anayeonyesha na kuigiza, ambaye maneno yake yanaongezeka kila mwezi na ukoo wake hauna historia, huyo atazamwe kila miezi mitatu, na mwisho wa kungoja ni siku anapotimiza miaka mitatu. Kimoja kikikosekana, hasa kuelewa, usingoje hata hiyo miezi mitatu bila kufanya kitu. Mtoto wa miaka mitatu na kitu asiyezidi maneno mawili kwa pamoja, au asiyefuata agizo jepesi, au ambaye hata watu wa nyumbani hawamwelewi, huyo si mchelewa wa kungojewa tena. Na mtoto wa umri wowote aliyekuwa na maneno akayapoteza, au asiyegeuka akiitwa jina wala kukutafuta kwa macho, apelekwe wiki hiyo hiyo. Hapo maswali ni mengine, usonji ukiwa mmojawapo, na hayangoji hesabu ya friji. Kwa wakazi wa Nairobi asiye na uwezo wa kliniki binafsi anaweza kuanzia kituo cha tathmini ya elimu, vile vituo vya EARC vilivyoanza mwaka 1984, au taasisi ya elimu maalumu ya KISE kule Kasarani. Foleni ipo. Ndiyo sababu nyingine ya kuingia mapema.

Baada ya miaka mitatu kinachotazamwa hubadilika, na hapa vitabu vya Kiingereza vinatupotosha kidogo. Huko husema, angalia kama mtoto anaunganisha maneno. Kiswahili huunganisha ndani ya neno: "nimekula" ni mtu, wakati na tendo. Mtoto anayesema "nipe" anaweza kuwa ameimeza nzima kama jiwe, hajui kwamba "ni" ni yeye. Mimi hutafuta kitenzi kimoja kikivaa nguo tofauti, "nakula" leo na "amekula" kesho. Kikiwa kinatoka na vazi moja tu mwezi baada ya mwezi, naandika. Kwa upande mwingine sihesabu "kitabu yangu" wala "viatu zangu" kuwa dalili. Nusu ya jiji husema hivyo, na mtoto amejifunza sawasawa lugha aliyoisikia. Mtu mzima wa Nairobi pia hukata kiambishi cha mbele, akasema "meenda" badala ya "nimeenda". Ulinganisho wa haki ni watoto wa ploti ile ile, si kitabu cha sarufi.

Mtoto wa Pipeline sasa ana miaka sita. Akiwa na mitano na nusu ndipo jina liliandikwa kwenye faili yake. Anaongea kwa sentensi, vitenzi anavyo vingi, na amri za darasani anazifuata kama mwalimu atampa moja moja. Kisa bado kinamshinda: nilipomwonyesha picha nne za mtoto, mbwa na chapati, alinitajia yote yaliyomo, lakini nani alikula chapati na kwa nini mtoto analia hakuweza kuviunga. Baba yake alikuwa ameketi kando. Alisema, "Mimi pia sikioni hicho kisa."

Leo asubuhi nimepokea mwingine. Msichana, miezi 25, maneno 12 kwa lugha mbili, kitu sahihi mara tano kati ya sita sakafuni, mama ameketi nyuma. Anaonyesha, anaigiza, na mjomba wake alichelewa kusema lakini shule haikumsumbua. Kila kitu kinanivuta kuandika tungoje, tarehe na hesabu. Lakini masikio hayajapimwa, na mama amesema ametoka kwenye mafua ya wiki tatu. Mstari huo wa fomu nimeuacha wazi.